Hodi Isiyosemwa

Saa 4 asubuhi, katika ofisi moja ya ghorofani jijini Dar es Salaam, nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wageni nikisubiri kuitwa. Mzee mmoja akaingia. Alivaa koti lililopauka, na mkononi alishika bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili. Alipovuka mlango alisimama. Akatazama feni, akatazama picha ukutani, akatutazama sisi wa kwenye benchi, mwisho akaitazama kaunta. Nyuma ya kaunta binti wa mapokezi alikuwa anaandika kitu kwenye kompyuta. Mzee akakohoa kidogo. Binti hakuinua kichwa. Mzee akasogea, akaiweka bahasha juu ya kaunta, kisha akaichukua tena kama mtu aliyeweka kitu mahali pasipo pake. Ndipo binti, macho yakiwa bado kwenye kompyuta, alipouliza: "Unasemaje?"

Jibu la mzee sikulisikia, kwa sababu alilitoa kwa sauti ya chini mno. Binti akasema, "Eeh?" Mzee akarudia, chini zaidi. Baada ya "eeh" ya tatu alimwacha binti, akamrudia mlinzi mlangoni na kumweleza yeye: alikuja kufuatilia malipo, alishafika wiki iliyopita, akaambiwa arudi na barua, na barua ndiyo hii. Mlinzi akaja naye hadi kaunta na kumsemea. Neno la mtu mmoja likawa limesemwa na wawili.

Ningependa kumtetea yule binti, maana saa nzima niliyokaa pale nilimwona si mkorofi. Alijua kila ofisi iko wapi, simu alizipokea haraka, na barua ya mzee ilipofika mkononi mwake aliishughulikia bila kumzungusha. Kosa lake lilitokea mapema, kabla hata ya kufungua mdomo. Mzee alipiga hodi, naye hakuitika.

Hakupiga kwa neno, bila shaka. Nyumbani kwa watu mgeni husimama nje ya mlango na kusema hodi, na mwenyeji huitika "karibu" hata kabla hajajua ni nani. Baada ya hapo zinafuata salamu, kisha kiti, na mwisho kabisa ndipo mgeni anaulizwa lililomleta, au mwenyewe analieleza. Mpangilio huu kila mtoto wa Kiswahili anakua nao. Risepsheni ya ofisi imeuvuruga. Mlango ni wa kioo na uko wazi, ndani mna watu kumi usiowajua, na anayebisha hodi katikati ya ukumbi wa namna hiyo ataonekana mshamba. Kwa hiyo mgeni hubisha kwa mwili wake. Husita mlangoni, hukohoa, hurekebisha kola au mtandio, huhamisha bahasha kutoka mkono huu kwenda mwingine. Mhudumu mzoefu wa mapokezi huziona dalili hizo na kuziitikia kwa kitu cha kwanza alicho nacho, yaani macho.

Katika mafunzo ya hoteli iko kanuni maarufu ya futi 10 na futi 5. Mgeni akiwa umbali wa futi 10, yaani kama mita 3, mfanyakazi anapaswa kumtazama na kutabasamu. Akifika futi 5, kama mita moja na nusu, anapaswa kumsalimu kwa neno. Kanuni hiyo inafaa kukumbukwa kwa sababu inatenganisha mambo mawili ambayo wengi wetu huyachanganya. Macho yana umbali wake na maneno yana umbali wake. Ukimsalimu mtu kwa sauti angali mlangoni, unamlazimisha ajibu kwa kupaza sauti mbele ya benchi zima. Na ukingoja hadi awe ameegemea kaunta ndipo umtazame, zile hatua zote atakuwa amezitembea akijiona si mtu.

Sababu yake inaeleweka vizuri zaidi ukisoma kazi ya Adam Kendon na Andrew Ferber iliyotoka mwaka 1973. Watafiti hao walipiga filamu ya wageni wakiwasili kwenye sherehe ya nje huko Marekani, kisha wakaichambua taratibu waone watu wanafanya nini hasa wanaposalimiana. Waliona kwamba salamu ina hatua. Kwanza watu huonana na kupeana ishara kutoka mbali: kichwa huinuliwa, mkono hupungwa, tabasamu hutoka. Halafu, wanapokaribiana, macho huachana. Mtu hutazama chini au pembeni, pengine hugusa nguo au nywele zake. Wakishafika karibu macho hukutana tena, na hapo ndipo maneno ya salamu husemwa.

Hatua ile ya katikati ndiyo inayosahaulika kwenye semina. Mhudumu huambiwa "mtazame mgeni machoni", naye humkazia macho tangu mlangoni hadi kaunta. Mita nne au tano za kutembea huku unakodolewa macho ni ndefu sana, na mgeni huanza kujiuliza kama amevaa vibaya au anashukiwa wizi. Afadhali mtazamo mmoja mfupi wenye kichwa kilichoinama kidogo, kisha umwache atembee kwa amani. Unaweza hata kumalizia sentensi uliyokuwa ukiiandika. Akifika mbele yako, acha kompyuta na umtazame tena.

Jambo la kupendeza ni kwamba adabu zetu zilikwisha kupanga hayo. Anayeamkia mkubwa wake kwa "shikamoo" hamkazii macho. Neno lenyewe huelezwa kuwa limetokana na kushika miguu, na mwili bado unakumbuka, kwani kichwa hushuka kidogo na macho hushuka nacho. Mkubwa akiitika "marahaba", macho huinuka kuipokea. Tazama, shusha, tazama tena. Kijana aliyelelewa hivyo akifika kwenye semina na kuambiwa kwamba kutotazama machoni ni dalili ya kutojiamini, asiitupe adabu yake. Anachotakiwa kujua ni tofauti ya kushusha macho kwa namna mbili. Macho yanaposhuka kwa heshima, mwili mzima huelekea kwa mgeni, na baada ya nukta moja macho hurudi. Yanaposhukia kwenye simu au kompyuta, mabega hubaki kule yalikokuwa na macho hayarudi. Mgeni hana haja ya kufundishwa tofauti hiyo. Anaijua.

Yako pia mazingira ambayo macho yapunguzwe kwa makusudi. Mhudumu wa kiume anayempokea mwanamke aliyejisitiri kwa nikabu humtazama mara moja tu kumkaribisha, kisha hupeleka macho kwenye daftari la wageni au kwenye karatasi aliyoileta. Wala hatangulizi mkono. Akipewa, ataupokea. Na mtu aliyekuja na jambo la aibu, kama deni, ugonjwa au kesi, huongea vizuri zaidi mkitazama wote wawili fomu iliyo mezani kuliko mkitazamana.

Kaunta yenyewe nayo ni mhusika. Nyingi hutengenezwa kwa kimo cha mita 1 na ushee, ili mtu aliyesimama aweze kuandikia juu yake. Mhudumu akikalia kiti cha kawaida, kinachoonekana upande wa mgeni ni paji la uso na nywele. Mgeni hulazimika kuinama kuchungulia, na mhudumu hutazama juu kama aliye shimoni. Dawa ni mbili: kiti kirefu kinacholinganisha macho, au kusimama. Kusimama kuna faida ya ziada kwetu, kwa kuwa kumwinukia mkubwa ni heshima inayojulikana na kila mtu. Si lazima kumsimamia kila mgeni kuanzia asubuhi hadi jioni, miguu itakataa. Lakini kwa mzee, mjamzito au mtu aliyebeba mtoto, kuinuka kwa sekunde tatu kunasema yale ambayo karibu kumi hazitasema.

Tukija kwenye sauti, inabidi kwanza kuondoa uvumi mmoja. Wakufunzi wengi hupenda kusema kwamba maneno yana asilimia 7 tu ya ujumbe, sauti asilimia 38, na uso asilimia 55. Namba hizo zinatokana na majaribio ya Albert Mehrabian ya mwaka 1967, na yeye hakusema hivyo. Majaribio yake yalihusu jinsi watu wanavyopima hisia, kupendwa au kuchukiwa, neno linaposema hili na sauti au uso ukasema lile. Mgeni anayeuliza ofisi ya uhasibu iko ghorofa ya ngapi anahitaji neno "tatu", na tabasamu haliwezi kumpandisha ngazi. Tunachoweza kubaki nacho ni kidogo zaidi na cha kweli: neno na sauti vikipingana, mgeni huamini sauti. "Karibu" iliyosemwa kama mlango unaofungwa husikika kama mlango unaofungwa.

Kwa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee kutokana na umbo la lugha yenyewe. "Una miadi" na "Una miadi?" yana herufi zilezile katika mpangilio uleule. Tofauti iko kwenye wimbo wa sauti tu. Mhudumu aliyechoka huiacha sauti ianguke mwishoni, na swali lake huwa kama tuhuma. Mgeni hujibu kwa kujitetea: "Hapana, lakini niliambiwa nije." Hebu jaribu mwenyewe kusema "Umeandika jina?" mara mbili, mara ya kwanza ukiiacha sauti ishuke na mara ya pili ukiipandisha kidogo mwishoni. La kwanza ni la mkaguzi, la pili ni la mwenyeji. Ukijua kwamba umechoka na sauti yako haipandi tena, anza na "naomba", kwa sababu neno hilo hubeba adabu hata sauti ikiwa imelala: "Naomba uandike jina lako hapa."

Balaa kubwa kuliko yote ni kioo chenye tundu, kile cha kwenye madirisha ya malipo na ya kuandikisha wagonjwa. Sauti hukwama kwenye kioo, mhudumu hapati neno, na yeye mwenyewe hupaza sauti ili asikike. Sauti iliyopazwa hugeuka ya ukali hata pasipo hasira. Zaidi ya hapo, benchi zima husikia shida ya mgonjwa. Wenye uzoefu hawaongezi nguvu, hupunguza mwendo. Husogeza mdomo karibu na tundu, hutamka neno mojamoja, na kama ni jambo la siri humpa mgeni karatasi na kalamu aandike.

Na sentensi ya kwanza je? Zinazosikika sana kwenye kaunta zetu ni "Unasemaje?", "Unamtaka nani?", "Nikusaidie nini?" na, kwa Nairobi, "Nikusaidie aje?" Yote ni Kiswahili kinachoeleweka, na mengine yana nia njema kabisa. Kasoro yake ni moja: yanaanzia mwisho. Ni sawa na mwenyeji kufungua mlango na kumuuliza mgeni "umefuata nini?" kabla ya karibu. "Unasemaje?" ina ubaya wa ziada, maana kati ya marafiki ni salamu, lakini kwa mtu usiyemjua huonekana kama kumwambia aseme haraka aondoke.

Sentensi inayofanya kazi ina vipande vitatu, na ukipanga vipande hivyo sawasawa haichukui zaidi ya sekunde nne. Kwanza "karibu". Pili, salamu inayolingana na umri wa mgeni na saa ya siku. Tatu, baada ya kuitikiwa, mwaliko wa kueleza shida. Binti wa miaka 25 akimpokea mama wa miaka 60 atasema, "Karibu mama, shikamoo." Hapo hunyamaza. Mama huitika "marahaba", pengine na "hujambo mwanangu". Ndipo binti anaposema, "Sijambo. Niambie mama, nikuhudumie nini?"

Kule kunyamaza ndiko kunakoshinda wengi. Foleni ni ndefu, simu inalia, na mhudumu anaunganisha vyote kwa pumzi moja: "Shikamoo-mama-nikusaidie-nini." Mama hukosa pa kuweka marahaba yake. Shikamoo isiyosubiri marahaba ni kama mkono ulionyooshwa ukarudishwa kabla ya kushikwa. Ni bora kutoisema kabisa kuliko kuisema bila kusubiri.

Wapo wanaouliza: na umri usipojulikana? Dada wa miaka 38 aliyepambwa vizuri anaweza asifurahie kushikamoiwa na kijana wa miaka 27, na mwingine wa umri huohuo anaweza kununa asiposhikamoiwa. Ukiwa na shaka, "karibu" na "habari za asubuhi" zinatosha, wala hakuna aliyewahi kukosewa heshima nazo. Majina ya kuitana nayo yana hatari hiyohiyo. "Mama" na "baba" kwa waliokuzidi sana, "dada" na "kaka" kwa walio karibu na rika lako. "Mzee" kwa mwanaume wa miaka 45 huweza kupokewa kama cheo au kama tusi, kutegemea mvi zake na moyo wake. Mahali nako hubadili mambo. Zanzibar wageni wengi huanza na "asalamu aleikumu", na mhudumu huitika kwanza kabla ya lolote. Katika ofisi za Nairobi shikamoo ni nadra baina ya watu wazima, na "karibu, habari yako" hufanya kazi yote.

Kuna wageni ambao salamu zao hazikomi. Mzee ameshauliza habari za kazi, sasa anauliza za nyumbani, na nyuma yake wamesimama watu wanne. Kumkatiza ni kumvunjia heshima, na kuendelea naye ni kuwavunjia wale wanne. Njia ni kuitika na kugeuza katika pumzi moja, kwa sauti ileile ya joto: "Salama kabisa, mzee wangu, tunashukuru. Haya, nipe hiyo barua niione." Mkono unaponyooshwa kupokea barua, salamu hufungwa bila yeyote kuambiwa anyamaze.

Yote haya ni mepesi mgeni anapokuwa mmoja. Mtihani huja uko kwenye simu, mgeni yuko mbele yako, na wa pili anaingia. Aliye kwenye simu hakuoni, basi yeye ndiye anayeweza kudhani umemtupa ukinyamaza. Aliye mbele yako anakuona, basi yeye macho yatamtosha kwa muda. Kwa hiyo sauti mwachie wa kwenye simu, na macho mpe aliyesimama: mtazame, inamisha kichwa, onyesha kiti kwa mkono wazi, si kwa kidole. Wa pili anayeingia mpe mtazamo mmoja tu wa kumwambia umemwona. Ukimaliza na simu, usianze na swali, anza na "samahani kwa kukuweka". Na ukihitaji asubiri zaidi, usimwambie "sasa hivi". Kwetu neno hilo linaweza kumaanisha dakika moja au saa nzima, na kila mtu analijua hilo. Mwambie "kama dakika 10", na dakika 10 zikipita kabla hajaitwa, mtazame tena umwambie kinachoendelea. Mgeni anayesubiri huvumilia muda kuliko anavyovumilia kusahaulika.

Utajuaje kama mapokezi yameharibika? Si kwa malalamiko, maana wengi hawalalamiki. Mtazame mgeni. Akirudia salamu yake mara ya pili, ya kwanza haikupokelewa. Akikupa karatasi bila kusema neno, ameshakata tamaa na mdomo wake. Akipaza sauti ghafla, kwa kawaida alishaanza kwa sauti ya chini ambayo hukuisikia. Na akimweleza mlinzi shida ambayo angekueleza wewe, ujue mlinzi ndiye aliyemwitikia hodi.

Hilo lilinirudisha kwa yule mzee. Niliitwa ndani, nikamaliza shughuli yangu, na nilipotoka yeye alikuwa amepata mhuri wake na anakunja bahasha. Binti wa mapokezi sasa alikuwa amesimama, pengine kwa kunyoosha mgongo tu. Mzee alipopita mbele ya kaunta, macho yao yakakutana. Binti akainamisha kichwa kidogo. "Haya mzee, shikamoo," akasema, kana kwamba ameikumbuka.

Mzee akasimama palepale alipokuwa amekohoa asubuhi. "Marahaba, mwanangu," akaitika, na safari hii benchi zima tulimsikia.